Mzazi kijana mwenye elfu kumi na tano: bima ya muda au ya maisha yote?

Mahindi yakishauzwa, wakala wa bima naye huonekana kijijini, na mwaka huu wengi mmeniuliza kuhusu bima ya maisha. Mimi siuzi bima wala sipati kamisheni ya mtu. Nitakueleza ninavyoona mimi, kwa mzazi kijana mwenye fedha kidogo.

Bima hizi mbili zinatofautiana hivi. Bima ya muda unaikata kwa miaka maalumu, tuseme 15. Ukifa ndani ya miaka hiyo, familia inalipwa. Ukiimaliza ukiwa hai, mkataba umeisha na hakuna kinachorudi. Bima ya maisha yote haina mwisho: siku utakayokufa, hata ukiwa na miaka 85, familia inalipwa, mradi michango haikukatika. Na kwa kuwa kila mtu atakufa, kampuni inajua italipa, kwa hiyo inakutoza zaidi tangu mwanzo ili iweke akiba ya siku hiyo. Ughali wake unatoka hapo.

Tuchukue mama wa miaka 27 anayelima mahindi na kuuza dagaa gulioni. Mtoto wake ana miaka 2. Anaweza kutenga shilingi 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka. Nyumba yake inatumia 200,000 kwa mwezi. Bei nitakazotumia ni za kukokotolea tu. Za kweli utazipata kwa kampuni, kulingana na umri na afya yako.

Tuseme bima ya maisha yote inatoza shilingi 18 kwa mwaka kwa kila 1,000 ya fidia. Kwa 180,000 anapata fidia ya milioni 10. Akifa mwaka huu, fedha hiyo italisha nyumba miezi 50. Mtoto atakuwa na miaka 6, ndiyo kwanza anaanza shule. Tuseme bima ya muda inatoza shilingi 5. Kwa fedha ileile anapata milioni 36, ambazo ni miezi 180, hadi mtoto afikishe miaka 17. Hapo sijahesabu bei za vitu kupanda, na zitapanda.

Wakala atakuambia, "Lakini hii ya muda hela yako inapotea." Ni kweli hairudi. Ila jiulize mtoto anakuhitaji zaidi lini: sasa akiwa na miaka 2, au wewe ukiwa na miaka 80 na yeye ana wajukuu? Shughuli ya mazishi tayari tuna chama cha kufa na kuzikana. Pengo ambalo chama hakiwezi kuziba ni miaka ya ada, sare na unga.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mvua. Kipato chetu kinakuja kwa msimu, na mwaka mmoja mbaya unatosha kukatisha michango. Mikataba mingi ya maisha yote hairudishi kitu ukiivunja kabla ya miaka miwili au mitatu, kwa sababu michango ya mwanzo inaishia kwenye kamisheni na gharama. Mama yetu akishindwa baada ya miezi 14, ametoa 210,000, hana bima na hana akiba. Kwenye bima ya muda naye angebaki bila kinga, lakini angekuwa amelipia kinga kubwa kwa miezi ile, na hakuna akiba aliyoipoteza.

Kwa hiyo mimi ningemshauri akate ya muda kwa 10,000 kwa mwezi, yenye fidia ya milioni 24, na 5,000 inayobaki anunulie hisa za VICOBA, ambazo zinaweza kumsaidia kukopa mvua ikigoma. Aombe kulipa mara moja kwa mwaka, mwezi wa mauzo.

Yuko mzazi ambaye ningemwambia tofauti: mwenye mtoto mwenye ulemavu atakayemtegemea mtu maisha yote. Huyo hitaji lake haliishi baada ya miaka 15, na akimudu michango, bima ya maisha yote inamfaa.

Kabla ya kusaini, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA. Uliza ukichelewa kulipa unapewa siku ngapi kabla bima haijafa, na usome maandishi yenyewe. Taja ugonjwa wowote ulio nao, hata sukari au presha, maana ukiuficha kampuni inaweza kukataa kulipa wakati wewe haupo kujitetea. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, andika jina la mtu mzima unayemwamini atakayepokea fedha kwa niaba yake, kisha mwambie huyo mtu, na umwonyeshe mahali ulipoweka karatasi.