Sifuri ya Maji

Hapa Maskati niliziweka sayari 7 za kale, Jua na Mwezi zikiwamo, katika buruji zake, nikahesabu: moto 3, udongo 2, hewa 2, maji 0. Kaa, Nge na Samaki hawakuwa na mgeni. Wanajimu husema mtu wa namna hiyo ni mkavu wa hisia. Nikakumbuka maziko ya baba: sikulia. Nikaiamini sifuri ile.

Mwaka uliofuata mama alinieleza kwa simu kutoka Unguja kwamba sikuzaliwa alfajiri, bali alasiri. Mwezi huenda takriban nyuzi 13 kwa siku; kufikia alasiri ulikuwa umekwisha kutoka Ndoo, buruji ya hewa, ukaingia Samaki. Maji yakapata 1. Macho yangu bado makavu.