Picha ya Stetasi Si Picha ya Soko

Mathe wangu huuza viatu vya mitumba Muthurwa, na kazi ya kuviweka mtandaoni ni yangu. Kwa muda mrefu nilifanya kama wengi wenu: picha moja, natupa kila mahali. Stetasi, Instagram, soko la mtandaoni, zote picha ileile. Nilidhani picha ni picha tu.

Halafu zikaja buti za kahawia. Bei 1,800. Nilizipiga wima, zikajaza skrini nzima ya simu, zikatoka fiti. Nikaweka stetasi. Baadaye nikaenda kuziorodhesha sokoni, lakini nikachukua ile picha iliyokuwa imepitia WhatsApp. Siku mbili baadaye akaja dada mmoja kutoka Rongai, matatu mbili hadi hapa. Akageuza buti, akaona kisigino kimelika na soli ina ufa mdogo. Akaniuliza, "Mbona hukuonyesha hapa?"

Manze, sikuwa nimeficha. Lakini nilipofungua tangazo langu mwenyewe nikaona kwa nini alinichukulia tapeli. Orodha ya soko ilikuwa inaonyesha picha kwa mraba. Picha yangu ilikuwa 1080 × 1920, ile ya 9:16. Ukiikata mraba katikati unabaki na 1080 × 1080, maana yake pikseli 420 za juu zimeenda na 420 za chini pia. Soli ilikuwa huko chini. Na hata ukiifungua nzima ukaivuta kwa vidole uone kisigino, unaona ukungu tu, kwa sababu WhatsApp ilikuwa imeibana.

Hapo ndipo nilielewa kwamba hizi picha zina kazi mbili tofauti. Picha ya soko inakaguliwa. Mtu tayari anataka buti, anataka kujua kama zimechoka. Kwa hiyo ipe mraba, yaani 1:1, na pikseli nyingi kadiri soko linavyokubali, ndio akivuta aone mshono. Tangazo la Instagram linasimamisha kidole. Mtu hakuja kutafuta viatu, anapita tu. Hapo unataka urefu: 4:5 kwenye ukurasa, yaani 1080 × 1350, au 9:16 kwenye stori. Upana wa 1080 unatosha, kwa sababu hakuna anayekagua kisigino kwenye tangazo.

Sasa, hauhitaji kupiga mara mbili. Simu yangu hupiga 4:3, na nikiishika wima napata 3000 × 4000. Kutoka hapo nakata nakala tatu. Mraba unatoka 3000 × 3000. Ya 4:5 inatoka 3000 × 3750, na ya 9:16 inatoka 2250 × 4000. Hizi mbili za tangazo nazipunguza hadi upana wa 1080.

Angalia hizo namba vizuri. Mraba unakula juu na chini, stori inakula pande. Sehemu ambayo haikatwi na yeyote ni ile ya katikati, 2250 kwa 3000, ambayo ni robo tatu ya upana na robo tatu ya urefu. Kwa hiyo nikipiga narudi nyuma hatua moja, kiatu kikae ndani ya hiyo robo tatu, soli na kidole vyote. Pembeni kunabaki turubai tupu, na hiyo si hasara, ndiyo nafasi ya kukatia.

Kwenye stori kuna mtego mwingine. Juu hukaa jina la akaunti na chini hukaa kitufe au sehemu ya kujibu. Acha takriban pikseli 250 juu na 340 chini bila maandishi. Mimi niliwahi kulipia tangazo lenye bei chini kabisa, watu wakashinda wakiniuliza "ngapi?" na bei iko pale, imefunikwa.

Na usikuze picha ndogo. Ukichukua ya 1080 ukaifanya 3000, simu inabuni pikseli za kujazia. Ufa wa soli hauwezi kurudi. Kabla sijaorodhesha, nafungua maelezo ya picha kwenye galari nisome ukubwa. Nikiona 1200 × 1600 badala ya 3000 × 4000, najua imepitia WhatsApp, narudi kutafuta ile ya kwanza. Mathe akinitumia picha kutoka kibandani, namwambia aitume kama Document, inafika nzima.

Zile buti nilizipiga upya. Picha ya kwanza mraba, buti nzima. Ya pili mraba pia, karibu kabisa, kisigino na ule ufa. Bei nikashusha hadi 1,300. Aliyezinunua alifika, akageuza soli mara moja, akasema, "Sawa, ni zilezile," akalipa.