Kitabu kwa Mtendaji

Kila likizo ninaporudi Nakwa hukaa jioni za Jumamosi na kikundi kidogo cha wasomaji. Tuko tisa: walimu wawili, muuguzi, fundi cherehani, wanafunzi wanaosubiri matokeo, na watumishi wa serikali ambao idadi yao hupanda na kushuka kadiri uhamisho unavyotoka. Kikundi kina daftari moja kubwa. Anayetafuta kitabu huandika ombi lake juu ya ukurasa mtupu, daftari huzunguka majumbani kwa wiki nzima, na kila mwenye pendekezo huliandika chini ya ombi hilo. Sheria ni mbili tu. Ya kwanza, usifichue yatakayotokea kitabuni. Ya pili, eleza kwa nini kitabu hicho kinamfaa huyu aliyeomba, wala si kwa nini wewe ulikipenda.

Nilipoanza kuhudhuria niliziona sheria hizi kuwa nyepesi. Ombi la mtendaji mmoja wa mtaa lilinionyesha kwamba sikuwa nikijua kuzitii.

Kijana huyo aliandika kwamba hajasoma riwaya tangu kidato cha sita. Alitaka kitabu cha Kiswahili, kisicho kinene, kisicho cha mafumbo. Kisha akaeleza sababu. Alikuwa ameitisha mkutano wa wakazi kuhusu hifadhi ya barabara. Watu walisikiliza, wakanyoosha mikono kukubali, wakatia sahihi mahudhurio. Miezi mitatu baadaye nyua za minyaa zilikuwa palepale. Aliuliza: je, kuna kitabu kinachoeleza kwa nini watu hukubali mkutanoni na kukataa nyumbani?

Jibu la kwanza chini ya ombi lake lilikuwa la mistari saba, na katika mstari wa sita mwandishi wake alikuwa amemtaja mhusika mkuu wa riwaya fulani pamoja na namna anavyoishia. Fundi cherehani aliufuta kwa wino mweusi kabla daftari halijamfikia kijana. Nilicheka, nikachukua kalamu niandike langu, nikitaraji kuonyesha mfano. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko ile iliyofutwa.

Nilikuwa nimechagua riwaya nyingine, ambayo siitaji hapa. Sikusema inavyoisha. Nilisema tu kwamba inanikumbusha tukio moja mashuhuri la miaka ya sabini katika nchi yetu. Mke wangu, aliyekuwa akisoma begani mwangu, aliuliza, "Na akilitafuta tukio hilo?" Alikuwa sahihi. Ulinganisho ni ufichuzi uliovaa koti. Ukimwambia mtu kwamba kitabu kinafanana na habari anayoijua, umempa habari hiyo yote, pamoja na mwisho wake.

Rasimu ya pili ilikuwa na sentensi ya kumwonya kwamba kurasa za mwisho zingemshtua. Nayo niliifuta. Msomaji aliyeahidiwa mshtuko hasomi tena, anasubiri. Kila mlango unaofunguliwa kitabuni anauliza kama ndio huo. Hujamwambia kitakachotokea, lakini umemwambia kipo, na hiyo ni nusu ya siri.

Rasimu ya tatu ilikuwa na kosa la watu wa taaluma yangu. Nilikuwa nimeandika ujumbe. Sisi tuliosomeshwa fasihi katika shule za Tanzania tulifundishwa kuipasua riwaya katika fani na maudhui kabla hatujaisoma: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Wanafunzi wengi huingia katika mtihani wakiwa wamesoma kijitabu cha uhakiki na hawajakifungua kitabu chenyewe. Kijitabu hicho lazima kimtaje kila mhusika na hatima yake, kwa sababu ujumbe hutolewa katika hatima. Kwa hiyo anayetaja ujumbe amekwisha kutaja mwisho, hata kama hakutaja kifo wala harusi.

Kosa hili nimelifanya mbele ya darasa. Mwaka mmoja nilifungua mhadhara juu ya Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, kwa kueleza mwisho wake, ili tuujadili kwa kina. Binti mmoja wa kiti cha nyuma alikifunga kitabu chake. Baada ya kipindi aliniambia alikuwa ukurasa wa arobaini. "Mwalimu," alisema kwa adabu, "sasa nitasoma kwa kuhakikisha tu." Sina hakika kama alihakikisha.

Basi nililirudia ombi la kijana neno kwa neno, kama tunavyolisoma swali la mtihani kabla ya kulijibu. Kitabu cha kwanza kilichonijia kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Kina viongozi, kina baraza, kina suala la sheria na haki. Kwa mtendaji kingeonekana kimeshonwa kwa kipimo chake. Lakini kijana alisema hataki mafumbo, na Kusadikika ni fumbo tangu jina lake. Zaidi ya hilo, kitabu hicho kinawatazama sana wenye mamlaka, ilhali yeye aliuliza habari za walionyoosha mikono. Kitabu kizuri kisichojibu swali lililoulizwa ni pendekezo baya.

Nikaamua Gamba la Nyoka, riwaya nyingine ya Kezilahabi, iliyochapishwa Arusha mwaka 1979. Nilijipa mpaka mmoja: nitasema yale ambayo msomaji angeyapata kwenye jalada na kurasa chache za mwanzo, na historia ambayo kila raia ana haki ya kuijua bila riwaya. Historia hiyo haifichui kitabu, mradi niiache iishie pale kitabu kinapoanzia. Andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, Ujamaa Vijijini, lilisisitiza hiari na ushawishi. Novemba 1973 kauli ilibadilika: kuishi vijijini kukawa amri, na muda wa kuikamilisha ukawa hadi mwisho wa 1976. Kati ya hiari ile na amri hii kuna watu waliokaa mikutanoni na kusikiliza. Hapo ndipo riwaya inapopata wahusika wake.

Niliandika hivi katika daftari:

"Ndugu Mtendaji, nakupendekezea Gamba la Nyoka cha Euphrase Kezilahabi. Kinahusu wanakijiji walioambiwa wahamie kijiji cha ujamaa. Hakikuandikwa baada ya vizazi viwili. Kilitoka mwaka 1979, mambo hayo yakiwa bado moto, na mwandishi alikuwa mwenyeji wa Ukerewe aliyekua kijijini. Kinakufaa kwa sababu wewe hukuuliza namna ya kuwashawishi watu. Uliuliza wanawaza nini wanapokubali. Kitabu hiki kinakaa nao baada ya mkutano kwisha. Si kinene, na lugha yake ni nyepesi. Kina dhihaka, na dhihaka hiyo haichagui upande, kwa hiyo huenda ukajikuta unachekwa. Kina pia ukatili. Ukiwa na uchovu wa kazi, usikisome usiku wa manane. Hakina maagizo ya kuendesha mkutano. Ukifika katikati ukaona unakereka, nenda kurasa kumi zaidi kabla ya kukiweka chini."

Muuguzi alisoma akaniuliza kama lile neno la ukatili si ufichuzi. Tulibishana. Nilikubali kwamba lingekuwa ufichuzi kama ningesema ni wa nani juu ya nani, au kama ningesema ni ukurasa upi. Kumwonya mtu aina ya maumivu yaliyomo ni kama kumwambia msafiri kwamba njiani kuna mto. Kumwambia gari litakalosombwa ni jambo lingine. Niliiacha sentensi, na muuguzi hakuridhika kabisa.

Kulikuwa na shida ya mwisho ambayo daftari haliwezi kuiondoa. Jina la kitabu chenyewe lina maana, na mtu anayejua nyoka hufanya nini na gamba lake atakuwa ameanza kukisia. Hilo nililiacha. Alichokichapisha mwandishi juu ya jalada ni chake, naye ndiye aliyeamua msomaji aanze na kisio hilo. Kazi ya mpendekezaji ni kutoongeza la pili.

Kijana alichukua nakala yangu ya zamani, yenye gundi iliyokauka mgongoni, akairudisha baada ya siku kumi na tisa. Sikumwuliza kama alikipenda. Aliniambia jambo moja ambalo halimo katika pendekezo langu, wala sikulifikiria. Alisema alipokuwa akisoma alikumbuka kwamba siku ya mkutano wa hifadhi ya barabara, muhtasari ulikuwa umekwisha kuandikwa tangu jana yake, pamoja na lile fungu linalosema wananchi waliafiki. Kilichobaki kilikuwa idadi ya waliohudhuria. "Niliwapa mwisho kwanza," alisema, "kisha nikawaita waje wanyooshe mikono."

Nimeitafakari kauli hiyo kwa sababu inanigusa mimi pia. Mwalimu anayefungua mhadhara kwa ujumbe wa riwaya, na mtendaji anayeingia mkutanoni na muhtasari uliokamilika, wanafanya kosa la namna moja. Wote wawili wanadhani kwamba kilicho muhimu ni hitimisho, na kwamba njia ya kulifikia ni mapambo. Mwanafunzi hujibu kwa kukariri, raia hujibu kwa kunyoosha mkono. Yule wa kwanza hufaulu mtihani, na yule wa pili huacha minyaa yake ilipo.

Nisitie chumvi. Riwaya haikuzihamisha nyua. Kijana aliitisha mkutano mwingine, safari hii bila muhtasari, na ukachukua alasiri nzima. Bibi mmoja alieleza ua wake ulivyofika pale ulipo, na akaanza na mahali familia yake ilipokuwa ikiishi kabla ya kuhamishwa katika miaka ile ile ya sabini. Wengine walikubali kusogeza, wengine walidai barua yenye vipimo, na madai hayo yalikuwa ya haki. Nilipoondoka Babati nyua mbili zilikuwa zimesogea, nyingine bado.

Katika daftari, chini ya pendekezo langu, kijana ameandika mistari miwili kuhusu mhusika aliyemwelewa kuliko wengine wote. Nimeisoma. Sitainukuu, maana jirani yake katika kikundi, mwalimu wa hesabu, ndiye anayekisoma sasa, na juzi alikuwa ukurasa wa sitini.