Mstari Mmoja, Hati Moja

Zamani, katika ofisi yetu ndogo hapa Bel-Air, kila mtu alisoma mikataba ya madini kwa namna yake. Huyu aliandika muhtasari, yule alipiga mistari kwa kalamu nyekundu. Amri ya serikali iliyotolewa Mei 2011 ilitaka mikataba ya mali asili itangazwe ndani ya siku 60, kwa hiyo makaratasi ya kusoma hatukuyakosa. Ila mtu akituuliza Gécamines ina hisa ngapi katika ubia wake wote, tulifungua mafaili upya. Leo swali hilo linajibiwa na jedwali, na mimi nimekuwa msomaji mwingine.

Kilichonigeuza ni mradi wa Tenke Fungurume. Mkataba wa 1996 uliipa Gécamines asilimia 45. Ule wa 2005 ukaishusha hadi 17.5, kisha mapatano ya 2010 yakaipandisha hadi 20. Jedwali letu la kwanza lilikuwa na mstari mmoja kwa kila mradi, na kisanduku kimoja cha hisa. Kijana aliyekuwa anajaza akaniuliza, "Papa, niandike ipi?"

Zote tatu ni kweli, kila moja kwa wakati wake. Ndipo tukaamua kwamba mstari mmoja ni hati moja. Tenke ikapata mistari mitatu, yenye jina la mradi lililoandikwa vilevile herufi kwa herufi, aina ya hati, tarehe ya kusainiwa, na hisa. Kando ya kila jibu tunaweka ibara na ukurasa, ili anayebisha aende mwenyewe akaone.

Mrabaha ulitusumbua zaidi. Asilimia 2.5 ya mauzo ghafi na asilimia 2.5 ya mauzo baada ya kutoa usafiri na uyeyushaji ni fedha tofauti kabisa, lakini kisanduku kimoja huzionyesha sawa. Tukavifanya viwili: kiwango, na kinachohesabiwa. Cha tatu kinabeba maneno ya hati yenyewe, kwa Kifaransa chake, bila kufupishwa.

Kisanduku kitupu tumekipiga marufuku. Mtu huandika "haitajwi", "haisomeki" au "kiambatisho hakipo". La kwanza linasema jambo juu ya mkataba. Mengine mawili yanasema juu ya nakala tuliyonayo, na hiyo bado inaweza kutafutwa.

Kabla ya kuanza rundo zima, watu wawili hujaza mikataba michache ileile bila kuchunguliana. Wakitofautiana mara kwa mara kwenye kisanduku kimoja, maelezo ya kisanduku hicho ndiyo mabovu, tunayaandika upya. Mwishoni mwa mstari tumeacha nafasi ya maneno huru. Jambo likijirudia humo katika hati nyingi, hupewa kisanduku chake, na hapo lazima turudi kwenye hati zote zilizokwisha kusomwa. Kazi hiyo ni nzito, lakini bila hiyo "haitajwi" ya hati za mwanzo ingekuwa uongo.