Rambirambi kwa Msiba wa Mama Nisiyemfahamu

Mama mzazi wa mhadhiri mwenzangu alifariki Bukoba mwezi uliopita. Mimi na mwanawe tumekaa ofisi moja kwa miaka 11, lakini mama mwenyewe nilimwona mara moja tu, alipokuja Dar es Salaam kutibiwa macho. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, basi. Mchango wangu niliukabidhi kwa mweka hazina siku ile ile ya taarifa. (Siku hizi ukisema rambirambi watu huelewa fedha, kana kwamba neno hilo halikuwahi kuwa salamu.) Kilichonishinda ni barua.

Rasimu ya kwanza ilisema kwamba marehemu alikuwa mama mwema, mcheshi na mwenye upendo kwa wote, na kwamba ameacha pengo lisilozibika. Nilipoisoma upya niliona aibu. Ucheshi wake niliujulia wapi? Mwanawe angetambua mara moja kuwa nimemvisha mama yake sifa zinazosomwa katika kila mazishi. Rasimu ya pili ilikosea kwa namna nyingine: niliandika aya nzima juu ya kifo cha baba yangu, ili kuonyesha kwamba ninaelewa. Ilikuwa kama kumtaka mfiwa anipe pole mimi. Nikaichana.

Ndipo nilipojiuliza ninajua nini hasa kuhusu mama huyu. Yote niliyoyajua yalinifikia kupitia kwa mwanawe. Nikaandika hivi:

"Ndugu yangu, pole sana kwa kuondokewa na mama. Mimi sikubahatika kumfahamu zaidi ya salamu ya siku ile moja. Lakini kila Novemba nimekula senene aliokukaangia, na kila Ijumaa jioni nimekusikia ukizungumza naye kibarazani, kwa sauti ambayo huitumii kwa mtu mwingine. Vipindi vyako vya Jumatatu na Jumatano nitavifundisha mimi hadi utakaporudi. Usijisumbue kujibu."

Sentensi ya vipindi awali ilisomeka "ukihitaji chochote, niambie". Niliifuta kwa sababu inamtwisha mfiwa kazi ya kufikiri anahitaji nini, kisha ya kuomba. Wala sikumwuliza mama aliugua nini. Swali hilo alikwisha kulijibu mara nyingi kwa siku mbili zile, na anayelijibu hulazimika kurudi wodini kila mara.

Barua niliwapa wenzetu waliokuwa wakisafiri kwenda kuzika. Baada ya wiki mbili rafiki yangu alirudi kazini. Hakuitaja. Alivuta kiti, akanisimulia habari za mama yake kwa saa nzima, na karibu zote zilikuwa ngeni kwangu. Mcheshi hakuwa hata kidogo. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wakimkimbia.