Saa 9 usiku Wuhan, saa 4 usiku Morogoro

Binti wa miaka 19 kutoka Morogoro alizima taa ya chumba chake cha hosteli mjini Wuhan, China, saa 4 usiku. Alikuwa amesafiri karibu siku nzima na kubadilisha ndege njiani, na alipofika alihisi angeweza kulala hata akiwa amesimama. Saa 7 usiku alikuwa bado macho. Akawasha tochi ya simu, akafungua daftari alilonunuliwa na mama yake kabla ya safari, akaandika:

“Usiku wangu wa kwanza. Kitanda kigumu kama meza. Mwenzangu wa chumbani amelala zamani, namsikia anavyopumua. Nina njaa, na si njaa ya mchezo. Sasa hivi nyumbani wanakula. Leo ni Jumapili, mama atakuwa amepika wali na maharage ya nazi, na mdogo wangu anagombania ukoko.”

Njaa ile haikuwa deko. China iko mbele ya Tanzania kwa saa 5, kwa hiyo saa 7 usiku ya Wuhan ni saa 2 usiku ya Morogoro, muda ambao familia ile hukaa mezani. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoupangia mwili muda wa kulala, kuamka na kuona njaa. Saa hiyo hurekebishwa hasa na mwanga unaoingia machoni, nayo husogea polepole, kwa kawaida kama saa moja kwa siku. Simu ya binti ilijibadilisha yenyewe ilipopata mtandao wa China. Mwili wake ulibaki Morogoro.

Alipozima taa saa 4 usiku, mwilini mwake ilikuwa saa 11 jioni. Mzazi aliyewahi kujaribu kumlaza mtoto saa 11 jioni anajua huwa inakuwaje.

Ugeni wa chumba nao ulikuwa na mchango wake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani walionyesha kwamba usiku wa kwanza mahali pageni, upande mmoja wa ubongo hulala usingizi mwepesi zaidi kuliko mwingine, kama mlinzi aliyeachwa getini. Ndiyo maana kila mlango uliofungwa koridoni ulimshtua.

Saa 9 usiku akaandika tena, mistari miwili tu: “Nimekosea kuja. Nataka kurudi nyumbani.” Safari hii hakuishia kwenye daftari. Alimtumia mama yake ujumbe.

Morogoro ilikuwa saa 4 usiku. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa anamalizia gauni la mteja. Aliposoma ujumbe aliacha kila kitu, akapiga. “Hujalala, mama? Nini mwanangu?” Walizungumza saa mbili nzima. Mdogo wake akaletwa kwenye simu, akamwonyesha paka. Binti alilia, akacheka, kisha akapitiwa na usingizi saa 11 alfajiri. Mama naye alilala akiamini amemsaidia mtoto wake.

Saa 1:30 asubuhi kengele ya simu ililia, kwa sababu kulikuwa na usajili. Mwilini mwake ilikuwa saa 8:30 usiku. Alisinzia kwenye foleni, akakosea kujaza fomu mara mbili, akarudi hosteli saa 8 mchana na kulala mpaka saa 1 jioni. Usiku huo akakesha tena, na mama akapiga tena saa ileile. Siku ya tatu daftari lilisema: “Leo sijaenda darasani. Labda mimi si mtu wa kukaa mbali na kwetu.”

Hapo ndipo mambo yalipokuwa yanaharibika. Kuwakumbuka watu wa nyumbani ni jambo la kweli, na halina dawa ya siku moja. Lakini uchovu wa kukesha hulikuza, na binti alikuwa ameanza kuuchukua uchovu huo kama tabia yake. Alikuwa anafanya uamuzi wa maisha saa 9 usiku, huku hajalala ipasavyo kwa siku tatu.

Aliyemwokoa ni Mtanzania mwenzake anayesoma udaktari mwaka wa nne, aliyempelekea chakula akamkuta amelala mchana. “Mdogo wangu, unaishi Morogoro bado,” alimwambia. “Tukuhamishe.”

Kazi ya kwanza ilikuwa mwanga. Watu wengi huambiwa watoke nje jua linapochomoza tu, lakini kwa aliyetoka Tanzania kwenda China siku za mwanzo hilo linaweza kumrudisha nyuma. Joto la mwili hushuka kabisa kama saa mbili au tatu kabla ya muda wa kawaida wa kuamka. Kwa binti huyu ilikuwa kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri ya nyumbani, yaani saa 3 hadi saa 4 asubuhi ya Wuhan. Mwanga wa kabla ya hapo huuambia mwili uchelewe zaidi kulala, na wa baada ya hapo huuambia uwahi. Kwa kuwa mwili wake ulikuwa haujasogea, aliambiwa aanze kukaa nje kuanzia saa 4 asubuhi mpaka mchana, kisha kila siku awahi kwa saa moja.

Kazi ya pili ilikuwa usingizi wa mchana: dakika 20 hadi 30, kengele ikiwa imewekwa, na si baada ya saa 9 alasiri. Chai na kahawa ziliishia saa za mchana.

Ya tatu ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu ilimhusu mama. Simu ya saa 9 usiku ilikuwa inamfanya binti awe macho, akitazama kioo chenye mwanga, katikati ya maisha ya Morogoro. Binti alimweleza, na mama akakaa kimya kidogo. “Kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa nakukesha?” Wakakubaliana apige saa 7 mchana anapopumzika na cherehani. Wuhan ni saa 12 jioni, binti ametoka darasani na bado hajala. Ujumbe wa usiku ungejibiwa, ila kwa maneno machache: “Nimekuona mama. Tutaongea kesho saa yetu.” Dharura ingebaki dharura, apige saa yoyote.

Mama alitundika saa ya pili ukutani, juu ya cherehani, akaisogeza mbele saa 5.

Mwanafunzi yule wa udaktari alimwachia binti tahadhari mbili. Homa haitokani na kubadilisha saa. Akipata homa wiki za mwanzo, aende hospitali na aseme mapema kwamba ametoka Tanzania, ili apimwe malaria, kwani daktari wa huko anaweza asiifikirie. Na kama baada ya wiki mbili bado halali, hali au hataki kutoka chumbani, hilo si suala la saa tena. Atafute mshauri wa chuo, na nyumbani waambiwe.

Hakufika huko. Usiku wa nane alilala saa 5 na kuamka saa 1 asubuhi. Daftari la siku hiyo lina sentensi tatu. “Nimelala. Bado nawakumbuka, leo nimelia kidogo baada ya simu ya mama. Kesho nina mtihani mdogo wa Kichina.”