Bibi na Kidonge cha Usiku

Saa nne na nusu usiku, Tandika. Umeme umerudi, tamthilia imeisha, na bibi anatoka chumbani akijifuta mdomo kwa kanga. Mjukuu wake, binti wa miaka 19, ananyanyua macho kutoka kwenye simu.

"Bibi, umekunywa nini?"

"Dawa yangu ya presha, mjukuu wangu. Nilikuwa nimesahau."

Binti akakaa vizuri. Saa tatu na nusu, tamthilia ilipoanza, yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea maji na kumwona akimeza.

"Bibi, ulishameza!"

"Nani? Mimi? Acha kunizeesha bwana."

Hapo kelele zisingesaidia. Kitu kinachofanyika kila usiku, glasi ileile, kiti kilekile, hakiachi alama kichwani. Bibi alikumbuka kumeza, ila akadhani anakumbuka jana. Vijana nao hurudi mlangoni kuhakikisha kama wamefunga, sema wao hakuna anayewaambia wamezeeka.

Binti akaomba pakiti. Dawa ilinunuliwa vidonge 30, karatasi tatu za vidonge kumikumi, na bibi alianza tarehe 1. Siku hiyo ilikuwa tarehe 17. Kwa hiyo vilitakiwa kubaki 13: karatasi moja nzima, na vitatu kwenye ile iliyofunguliwa. Wakahesabu wote wawili chini ya taa. Vilikuwa viwili na karatasi nzima. Kumi na mbili.

Bibi akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Usimwambie baba yako."

Maana baba mtu alishasema, mama akianza kusahausahau, dawa zote atazishika yeye na bibi atapewa kimoja kimoja kama mtoto. Bibi huyu ndiye aliyemlea huyo baba kwa kuuza maandazi. Bora presha kuliko hilo.

Binti hakuahidi kitu. Akaenda kumgongea jirani, dada mmoja nesi. Dada akaja na mashine yake ya presha, akauliza mambo matatu tu: dawa gani, nguvu yake ngapi, na kuna nyingine anayotumia? Ilikuwa amlodipini ya miligramu 5, na hatumii nyingine. Dada akapumua. Miligramu 10 ndio kiwango cha juu cha siku, wapo wanaopewa na daktari. Ingekuwa ya sukari, kama glibenklamidi, wangeshakuwa njiani kwenda hospitali, maana sukari inaweza kushuka mtu akiwa usingizini na nyumba nzima isijue. Akapima: 132 kwa 78. Safi.

Binti akataka kwenda kulala. "Bado," dada akasema. Dawa hiyo haina haraka, huchukua saa 6 hadi 12 kufika kileleni. Piga hesabu: cha saa tatu na nusu kinaanza kukolea saa tisa na nusu usiku, cha pili saa kumi na nusu. Ndio muda ambao bibi huamka kwenda chooni, gizani, kwa pupa. Kinachotisha kwa mzee ni kule kuanguka akavunjika nyonga. Akamwambia binti alale chumba kimoja naye, na bibi akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, kabla ya kusimama. Akizimia, kifua kikimuuma au pumzi ikimbana, ni bodaboda, bajaji, chochote, hospitali.

Saa kumi na dakika arobaini bibi akaamka. Akakaa. Akasimama, na chumba kikamzunguka. "Nishike," akasema, na kwa kuwa hilo neno huwa halimtoki, binti alishtuka kuliko alivyoshtuka usiku. Akamkalisha, akamngoja, akamtoa taratibu. Kulipokucha presha ilikuwa 106 kwa 62, mchana ikapanda yenyewe. Usiku ule akameza kimoja tu, kwa saa yake, kama dada alivyoelekeza.

Wakaanza kujaribu mbinu. Bibi alisema akishameza atakuwa anafunika glasi. Siku mbili tu, mdogo wake binti akaosha vyombo na kufunika glasi zote za nyumba! Ndipo binti akachukua kalamu akaandika nyuma ya kila kidonge, J3, J4, J5, mpaka karatasi zikaisha. Kishimo cha leo kikiwa kitupu, bibi ameshameza. Hakuna ubishi.

Baba alipokuja Jumapili akaona maandishi. "Hii nini, mama?"

"Ni kalenda yangu," bibi akajibu, akairudisha pakiti chini ya mto. "Na wewe ile yako ya presha unaikumbuka?"

Baba akaomba chai.